Kioo cha IdeaPad 320 kimepasuka: nipime nini kabla ya kuagiza kingine?

Mwanaidi_TGA

Habari za asubuhi wakuu. Nina Lenovo IdeaPad 320 ya inchi 15.6. Juzi mdogo wangu aliifunga kalamu ikiwa juu ya kibodi, kioo kikapasuka kuanzia kona ya chini kushoto. Upande wa kulia bado naona maandishi, wa kushoto ni weusi unaozidi kutanuka kila siku. Nimeiunganisha na tivii kwa waya wa HDMI, picha inakuja safi kabisa, kwa hiyo naamini mashine yenyewe ni nzima.

Fundi wa hapa Tanga hana kioo, kasema niagize Dar yeye atafunga. Nimepiga simu Kariakoo kwa wauzaji wawili. Wa kwanza alinitajia bei kabla sijamaliza kutaja jina la mashine. Wa pili akaniuliza: "Pini thelathini au arobaini? Chenye masikio au kisicho na masikio? Cha kawaida au FHD?" Nikakosa jibu. Hela yenyewe ni ya kuungaunga, kikija kisichoingia sina ya kununulia kingine. Naomba mnielekeze nipime nini hasa.

Mzee_wa_Dili

Dada usijisumbue. Siku hizi inchi 15.6 zote ni nyembamba za pini 30. Mwambie "15.6 nyembamba pini 30", lipia, kisubiri stendi. Mimi nimeshabadilisha vya kwangu hivyo hivyo na vyote vikaingia.

Kipepeo88

Jaribu kwanza kusasisha draiva za skrini. Yangu iliwahi kuwa nyeusi upande mmoja, nikasasisha ikarudi.

Fundi_Keko

Kipepeo, hapa kioo kimevunjika kabisa, draiva haihusiki.

Mwanaidi, huyo muuzaji wa pili ndiye wa kumshika. Maswali yake matatu ndiyo yanayoamua, na jibu la yote matatu limeandikwa nyuma ya kioo chako. Usimpe mtu hela kwa jina la laptopu peke yake. Kiwanda kikitengeneza IdeaPad 320 hakinunui vioo kwa mtengenezaji mmoja, na mashine mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na vioo vya namba tofauti, moja 1366×768 na nyingine 1920×1080, hiyo anayoiita FHD. Jina la laptopu linakupeleka kwenye mtaa, namba ya kioo ndiyo inakufikisha mlangoni.

Mzee wa Dili kasema nusu ya ukweli. Pini 30 ni kweli kwa nyingi za miaka ya karibuni. Ila hizo 15.6 nyembamba za pini 30 ziko za maumbo mawili yasiyobadilishana, nitaeleza ukishanipa namba.

Namba unaweza kuipata kabla ya kufungua chochote. Kwa kuwa nusu ya kioo bado inaonyesha, saketi yake bado inaongea na mashine. Acha HDMI kwenye tivii, weka programu ya HWiNFO, nenda sehemu iliyoandikwa Monitor, soma jina la kioo cha ndani. Kama una Linux, hii inatosha:

```
strings /sys/class/drm/card*-eDP-1/edid
```

Mistari ya mwisho itatoa herufi na tarakimu zinazofanana na namba ya bidhaa. Tuletee hapa. Hiyo iwe fununu tu, bado utafungua fremu usome lebo kwa macho.

Mwanaidi_TGA

Asante sana fundi. HWiNFO imeandika NT156WHM-N42. Hii ina maana gani?

Fundi_Keko

Vizuri. Hao ni BOE, Wachina. Hiyo 156 ni inchi 15.6. WHM kwao ni 1366×768, ingekuwa FHM ingekuwa 1920×1080. Hiyo N42 mwishoni ndiyo inayobeba habari ya umbo, na ndiyo wauzaji wengi huikata wanapokuandikia risiti. N42 ninayoifahamu ni ya eDP, yaani mfumo wa kupeleka picha kutoka kwenye bodi hadi kwenye kioo, ya pini 30, ina masikio mawili juu na mawili chini, kila sikio lina tundu la skrubu.

Sasa fungua uthibitishe. Kabla ya yote zima mashine kabisa, chomoa chaji, fungua kifuniko cha chini uchomoe betri kwenye bodi. Hatua hii wengi wanairuka. Kwenye kile kiunganishi cha kioo kuna pini zinazobeba umeme wa taa za nyuma, na ukichomoa au kuchomeka betri ikiwa imeunganishwa, ikikaa upande kidogo tu unaunguza fyuzi ya taa kwenye bodi. Baada ya hapo hata kioo kipya kitaonyesha picha hafifu ambayo huioni mpaka umulike kwa tochi.

Ukishatoa betri, bandua fremu ya plastiki kuzunguka kioo kwa kucha au kadi nyembamba ya plastiki. Ondoa skrubu za masikioni, kilaze kioo juu ya kibodi kikitazama chini, kwenye kitambaa. Kina chenga za glasi, vaa glavu. Halafu nataka picha nne: lebo nzima, kiunganishi na waya wake, kona ya juu yenye sikio, na kioo kizima kikiwa na rula pembeni.

Ngosha_MZA

Naomba kudandia hapa hapa fundi. Mimi nina ThinkPad T430, kioo kina mistari ya wima. Jamaa ananiuzia kioo kilichotoka kwenye T440, anasema zote ni inchi 14, zote 1366×768, kitaingia. Ni kweli?

Fundi_Keko

Hapana Ngosha. T430 ni LVDS ya pini 40, T440 ni eDP ya pini 30. Ukubwa ule ule, pikseli zile zile, lakini lugha mbili. Kebo yako haiwezi kuongea na kioo hicho moja kwa moja. Mwambie akutafutie cha T430, au hata cha T420, ila nitumie kwanza lebo ya chako.

Na wewe Mwanaidi jifunze hapo hapo kwa Ngosha. Kuna kioo cha Innolux kinaitwa N156BGE-E41 na kingine N156BGE-L41. Vyote inchi 15.6, vyembamba, 1366×768. Tofauti kwenye jina ni herufi moja. E ni eDP pini 30, L ni LVDS pini 40. Ukisomewa namba kwenye simu yenye mawimbi mabovu, E na L zinasikika karibu sawa. Omba picha ya lebo kila mara.

Otis_Kisumu

Sasa wakuu. Mimi ningemwambia dadangu asirudishe hiyo ya 1366×768. Ile paneli ni ya TN, ukiitazama kutoka kando rangi zinageuka. Tofauti ya bei hapa Nairobi, kule Luthuli, si kubwa. Anunue ya 1920×1080 ya IPS, pini 30 hiyo hiyo, aingize, mashine itaitambua yenyewe. Mimi nimefanya hivyo kwenye mashine za wateja na zikawaka mara ya kwanza.

Mwanaidi_TGA

Kaka Otis umenitamanisha. Kazi yangu ni mahesabu ya vikoba, majedwali marefu, nikipata nafasi zaidi kwenye skrini ningefurahi. Fundi Keko unasemaje?

Na nimeshafungua. Lebo inasoma NT156WHM-N42 kama HWiNFO ilivyosema, na chini yake kuna V8.0. Masikio yapo, mawili juu mawili chini. Nimepima upana wa mwili wa kioo, kutoka ukingo hadi ukingo wa chuma, ni milimita 359 na kitu. Sehemu inayowaka ni milimita 344 kwa 194 hivi. Kiunganishi kiko chini upande wa kulia nikiangalia kwa nyuma. Picha nimetuma.

Fundi_Keko

Umefanya kazi safi, wateja wangu wengi hawanipimii hivyo. Nianze na hiyo 359, halafu nije kwa Otis.

Sehemu inayowaka ya 344 kwa 194 haikusaidii kuchagua, maana kila kioo cha inchi 15.6 chenye umbo la 16 kwa 9 kina kipimo hicho. Kinachotofautiana ni mwili unaoizunguka. Vile vyenye masikio vina mwili wa karibu milimita 360. Baadaye laptopu zilipoanza kuwa na fremu nyembamba, viwanda vikatoa vioo vya 15.6 vyenye mwili wa karibu milimita 350, havina masikio kabisa, vinashikwa na utepe wa gundi au vinabanwa na fremu. Pini ni 30 zile zile, na kiunganishi kinaingia bila shida. Hapo ndipo "15.6 nyembamba pini 30" ya Mzee wa Dili inapoangusha watu.

Mfano ulio hai ni hawa BOE wenyewe. NV156FHM-N42 na NV156FHM-N48 zote ni 1920×1080, IPS, pini 30. N42 ina masikio na upana wa 360. N48 haina masikio na ina upana wa 350. Mteja aliniletea N48 aliyonunua mtandaoni kwa ajili ya mashine ya masikio. Ikawaka vizuri, picha nzuri, ila ikabaki inaelea ndani ya kifuniko, milimita tano kila upande na hakuna pa kufunga skrubu. Kinyume chake ni kibaya zaidi, kioo cha 360 hakiingii kabisa kwenye kifuniko cha 350, na mtu akilazimisha anakivunja kabla ya kukiwasha.

Kuna pia vile vinene vya zamani, skrubu zake zinaingia ubavuni kushoto na kulia. Hivyo visikusumbue, ila ukiletewa picha ya kioo chenye matundu ubavuni ujue umepewa kingine.

Mzee_wa_Dili

Lakini hicho cha 350 si unaweza kukibandika masikio? Nimeona yanauzwa, vibati vyenye gundi. Nina jamaa anatumia hivyo muda mrefu sasa.

Fundi_Keko

Yapo, na sikatai kwamba yanafanya kazi. Shida ni joto na bawaba. Kila unapofungua kifuniko kioo kinavutwa kidogo, na gundi ya bati nyuma ya kioo chenye joto la taa inalegea taratibu. Ikiachia, kioo kinateleza na kukunja waya. Mimi siifanyi kwa mteja kama kioo chenye masikio kinapatikana.

Otis_Kisumu

Mimi nimefanya kwa utepe mwekundu wa pande mbili na hakuna aliyerudi kulalamika. Tuendelee.

Fundi_Keko

Sawa Otis, hapo kila mtu na uzoefu wake. Tuje kwenye FHD yako.

Pini 30 kwenye paneli hazisemi kuna nyaya ngapi ndani ya kebo. eDP inapeleka picha kwa njia, kila njia ni jozi ya nyaya mbili nyembamba. Kwenye kiunganishi cha pini 30, njia ya kwanza iko pini ya 6 na ya 7, njia ya pili iko pini ya 3 na ya 4. Kioo cha 1366×768 kinatosheka na njia moja, kwa hiyo viwanda vingine vinavyobana gharama haviweki hiyo jozi ya pili kwenye kebo ya mashine iliyotoka na kioo cha 1366×768.

Hesabu yake ni hii. Njia moja kwa kasi ya kawaida inabeba biti bilioni 2.7 kwa sekunde, lakini sehemu ya tano inakwenda kwenye usimbaji, picha yenyewe inabaki na bilioni 2.16. Kioo cha 1366×768 kikionyesha picha 60 kwa sekunde, pamoja na muda wa kupumzika kati ya mistari, kinataka kama bilioni 1.3 hivi kwa rangi za biti 18. Kinapita na nafasi inabaki. Cha 1920×1080 kinataka karibu bilioni 2.5. Hakipiti kwenye njia moja, kinahitaji mbili. Ukikifunga kwenye kebo ya njia moja, mara nyingi unapata taa inawaka lakini picha hakuna, au picha inayokatika. Mnunuzi anadhani kauziwa kioo kibovu.

Otis_Kisumu

Hapo nakubali hesabu, sikuwa nimeiangalia hivyo. Lakini mashine nilizofanya ziliwaka, kwa hivyo si kebo zote ziko namna hiyo.

Fundi_Keko

Ni kweli si zote. Kuna viwanda vinatumia kebo moja kwa mashine zote za modeli hiyo, na hizo zinawaka. Ndiyo maana sisemi "haiwezekani", nasema angalia.

Mwanaidi, chomoa kebo kwenye kioo. Kwanza inua ule utepe wa gundi unaofunika kiunganishi. Kama kuna kiwaya cha chuma kinachokumbatia kiunganishi, kigeuze kirudi nyuma. Kisha vuta kebo kwa kuitelezesha sambamba na kioo, usiinyanyue juu, maana ukiinyanyua unang'oa soketi kwenye saketi. Kichukue kiunganishi cha kebo, piga picha ya karibu upande ambao nyaya zinaingia, mwanga ukiwa mwingi. Upande wa pini ya 1 mara nyingi umeandikwa kwenye saketi ya kioo karibu na soketi. Tunatafuta jozi tatu za nyaya nyembamba karibu na mwisho huo, yaani njia mbili za picha na jozi moja ya mazungumzo ya pembeni kwenye pini 9 na 10. Tukikuta jozi mbili tu, na 3 na 4 ziko tupu, jibu tumelipata.

Bi_Chole

Samahani naingilia. Mimi nina HP Pavilion x360 ya inchi 14, kioo cha mbele kimepasuka lakini picha iko sawa, ila kidole kinabofya sehemu ambayo sijagusa. Nikinunua kioo cha pini 30 cha inchi 14 kitatengemaa?

Fundi_Keko

Shikamoo Bi Chole. Lako ni tofauti. Kwenye x360 glasi ya kugusa imegandishwa na kioo cha picha kwa gundi ya uwazi, na kilichovunjika kwako ni glasi ya kugusa. Ukinunua kioo cha picha peke yake utabaki na kioo kizuri na glasi iliyopasuka mkononi. Kuvitenganisha kunahitaji mashine ya joto na mkono uliozoea, na vumbi moja likiingia linaonekana milele. Nunua vyote vikiwa vimeshagandishwa pamoja, pamoja na fremu yake, kwa namba kamili ya mashine iliyo kwenye kibandiko cha chini. Kwa sasa, ili kidole cha shetani kisikubofyee, zima kifaa cha kugusa kwenye Device Manager, sehemu ya Human Interface Devices, kile kilichoandikwa HID-compliant touch screen.

Bi_Chole

Marahaba mwanangu. Nimekizima na imetulia, naweza kufanya kazi wakati natafuta hela.

Mwanaidi_TGA

Fundi nimepiga picha kwa kutumia lenzi ya kukuza ya simu ya kaka. Kuanzia upande wa pini ya 1, naona nafasi tupu, kisha jozi ya nyaya, kisha jozi nyingine, halafu zinaanza nyaya nene kidogo. Jozi ni mbili tu.

Fundi_Keko

Nimeona. Kebo yako ni ya njia moja. Una machaguo mawili: ununue kioo cha 1366×768 na kebo ibaki hiyo hiyo, au ununue kioo cha 1920×1080 chenye masikio pamoja na kebo ya mashine iliyotoka kiwandani na FHD. Hilo la pili lina sharti lake. Kebo hiyo lazima iwe ya ile ile IdeaPad 320 15, kwa sababu inapita kwenye bawaba na upande wa bodi kiunganishi ni cha Lenovo, na bodi yako nayo lazima iwe imeunganisha njia ya pili. Bodi siwezi kukuthibitishia kwa picha.

Otis_Kisumu

Kebo zinapatikana. Mimi ningejaribu.

Mwanaidi_TGA

Kaka ningekuwa na hela ya kujaribu ningejaribu. Narudi kwenye 1366×768. Sasa nimwambie muuzaji maneno gani?

Fundi_Keko

Mwandikie kwa WhatsApp, usimwambie kwa simu, ili ibaki kumbukumbu:

"Nahitaji kioo NT156WHM-N42, au kinacholingana nacho: inchi 15.6, 1366×768, eDP pini 30, kiunganishi chini kulia kwa nyuma, masikio mawili juu na mawili chini, upana wa mwili milimita 359.5, kisichong'aa. Naomba picha ya lebo ya nyuma ya kioo chenyewe utakachonitumia, siyo picha ya mtandaoni. Kikitofautiana na hivi nakirudisha."

Usishikilie BOE peke yake. LP156WHB-TPA1 ya LG au ile N156BGE-E41 ya Innolux zinaingia pale pale, tukiwa tumeona lebo na masikio. Kung'aa au kutong'aa hakuathiri kuingia, ni macho yako tu. Kama unakaa na dirisha nyuma yako, chukua kisichong'aa.

Mwanaidi_TGA

Muuzaji wa pili amejibu. Anacho N156BGE-E41, laki moja na sitini, kipya. Picha ya lebo hii hapa. Wa kwanza naye kanitumia picha, chake kinasoma NT156WHM-N44 na anasema "ni ile ile tu, toleo jipya zaidi".

Fundi_Keko

Cha wa kwanza kiache. Tarakimu ya mwisho kwa BOE siyo toleo la kuboresha, ni umbo jingine. N44 ni ya ule mwili mwembamba usio na masikio. Angalia picha yake vizuri, ukingo wa juu umekwenda wima bila kibati chochote.

Cha pili nimekiona, lebo ina E kabla ya 41, masikio yako manne. Mwambie akifunge kati ya mbao mbili nyembamba au ndani ya boksi gumu, siyo ndani ya mfuko wa viputo peke yake. Vioo vingi vinavyofika Tanga vimekufa vimefia kwenye buti la basi. Ukikipokea, kifungue pale pale ofisi ya vifurushi, kiangalie dhidi ya mwanga, ukingo wote.

Mzee_wa_Dili

Ila laki na sitini kwa 1366×768 ni juu kidogo. Mwombe apunguze.

Mwanaidi_TGA

Kimefika kwenye boksi la mbao, hakina ufa. Fundi wa hapa yuko msibani mpaka wiki ijayo. Naweza kukijaribu mwenyewe?

Fundi_Keko

Unaweza, umeshafanya kazi ngumu tayari. Usibandue ile plastiki ya kinga, wauzaji wengi hawapokei kioo kilichobanduliwa.

Betri ikiwa bado imechomolewa, laza kioo kipya kikitazama chini juu ya kitambaa, sukuma kebo ndani kwa usawa mpaka isikike imekaa, rudisha kiwaya cha chuma, bandika utepe. Kisimamishe kwenye kifuniko, funga skrubu mbili tu za juu bila kukaza sana. Sasa rudisha betri, washa. Ukiona nembo, fungua picha nyeupe tupu ijaze skrini, halafu nyeusi, nyekundu, kijani, bluu. Kwenye nyeusi tafuta nukta inayong'aa, kwenye nyeupe tafuta nukta nyeusi. Kisha fungua na kufunga kifuniko taratibu mara kadhaa huku ukitazama. Picha ikicheza unapogusa bawaba, kosa ni kebo, siyo kioo.

Ukiridhika, zima, toa betri tena, funga masikio yote manne, rudisha fremu. Skrubu za masikioni ni fupi, usizichanganye na za bawaba. Ndefu ikiingia pale inatoboa kifuniko nyuma.

Mwanaidi_TGA

Kimewaka! Nembo imekuja mara ya kwanza. Hakuna nukta. Masikio yameingia kwenye matundu yake sawasawa. Kitu kimoja tu, kwenye picha nyeusi naona mwanga hafifu kwenye ukingo wa chini, katikati. Cha zamani sikumbuki kama kilikuwa hivyo.

Fundi_Keko

Taa za kioo hicho ziko ukingo wa chini, mwanga kidogo pale ni kawaida kwa TN. Ila legeza kidogo skrubu mbili za chini utazame tena. Mwanga ukipungua, sikio lilikuwa linabana kioo, likaze kwa vidole tu. Usipobadilika ni wa kioo chenyewe, na kwenye jedwali lako jeupe hutauona.

Mwanaidi_TGA

Nimelegeza, umepungua karibu wote. Asanteni sana wakuu, na wewe kaka Otis.

Otis_Kisumu

Karibu. Ukipata hela ya kebo unitafute, bado nataka kuona kama bodi ya hiyo 320 ina njia ya pili.

Ngosha_MZA

Fundi, lebo ya T430 yangu nimeipiga picha. Ina maneno LP140WH2, halafu kwenye mabano TL na herufi nyingine zimefutika.

Fundi_Keko

TL kwa LG ni LVDS, kwa hiyo tuko pale pale, pini 40. Hizo zilizofutika ndizo zinazobeba masikio. Geuza kioo, niambie skrubu zinaingia juu na chini au ubavuni, ndipo umpigie muuzaji.